Kitufe Kimoja, Simu Haitii: Kutafuta Kasoro ya Swichi na Uskani

Mtu anayetumia simu kwa kitufe kimoja kikubwa, yaani swichi, hatelezeshi kidole wala hagusi skrini. Simu yenyewe huzungusha kisanduku cha rangi juu ya vitu vilivyo kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, naye hubonyeza kisanduku kikifika anapotaka. Mzunguko huo wa kisanduku ndio uskani. Mambo mawili tu yanahitajika: mbonyezo ufike kwenye simu, na ufike kisanduku kikiwa bado mahali pake. Kwa hiyo malalamiko karibu yote huangukia mojawapo ya mafungu matatu. Mbonyezo haufiki, au unafika zaidi ya mara moja, au unafika kwa wakati usio wake.

Jua kwanza tatizo ni la fungu lipi kabla ya kugusa mpangilio wowote. Wasaidizi wengi huanza kwa kupunguza kasi ya kisanduku, na kasi ikipungua simu inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa huku kasoro ikibaki palepale. Kupunguza kasi hutibu fungu la tatu peke yake, na hata hapo si kila mara.

Maelezo haya yanahusu Switch Access ya Android na Switch Control ya iPhone. Zote mbili ziko ndani ya Settings, chini ya Accessibility.

Jaribio la kwanza: je, simu inakisikia kitufe?

Kati ya kitufe na simu kuna adapta. Kitufe chenyewe ni kitu sahili mno: ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana ukibonyeza na kuachana ukiachia, na waya wake unaishia kwenye pini ya mm 3.5 inayofanana na ya spika za masikioni. Adapta ndiyo inayogeuza mguso huo kuwa herufi, na simu huiona kama kibodi yenye funguo chache, iwe imeunganishwa kwa Bluetooth au kwa waya wa USB.

Hapo ndipo jaribio linapotoka. Zima Switch Access au Switch Control, fungua programu yoyote ya kuandikia, gusa mahali pa kuandika kwa kidole, kisha bonyeza kitufe kikubwa mara kumi polepole. Ikiwa adapta imepangwa kutuma nafasi tupu, kialamisho kitasogea hatua kumi. Ikiwa inatuma Enter, utapata mistari kumi. Hesabu. Kumi maana yake njia yote ni nzima na kasoro iko kwenye mipangilio ya uskani. Sifuri maana yake ni kitufe, waya, adapta au muunganisho. Kumi na nne maana yake kuna mibonyezo inayozaliwa njiani. Tano hasa, nusu kamili, ina sababu yake ya pekee ambayo tutaifikia.

Jaribio lirudiwe na mtumiaji mwenyewe akibonyeza. Mkono wa msaidizi hubonyeza katikati ya kitufe, kwa nguvu ya kutosha na bila kutetemeka, hivyo huficha nusu ya matatizo.

Kitufe hakifanyi kitu kabisa

Anza na kilicho rahisi kuchomoa. Chomoa pini ya kitufe kwenye adapta na uirudishe mpaka usikie imeingia yote. Ukiwa na multimita, iweke kwenye mlio wa kupima waya, gusa ncha ya pini na sehemu yake ya nyuma: iwe kimya kitufe kikiwa huru, ilie ukibonyeza. Mlio ukikatika unapotikisa waya huku umebonyeza, waya umekatika ndani, mara nyingi sentimita chache kutoka kwenye pini au pale unapoingia kwenye kitufe, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Bila multimita, chomeka kitufe kingine au tumia kitufe hicho kwenye kifaa kingine kinachokubali pini hiyo.

Usichomeke pini ya kitufe moja kwa moja kwenye tundu la spika za masikioni la simu. Inaingia, lakini simu hudhani umevaa spika, sauti inaondoka kwenye spika ya nje, na kitufe hakifanyi lolote la maana.

Kosa jingine la pini ni gumu zaidi kuliona. Baadhi ya adapta zina tundu moja linalokubali vitufe viwili kupitia pini yenye pete tatu. Ukichomeka humo pini ya kawaida yenye pete mbili, sehemu ndefu ya chuma yake inaunganisha mahali pa kitufe cha pili muda wote, na adapta inaamini kwamba kitufe cha pili kimeshikiliwa bila kuachiwa. Dalili yake ni kwamba taa ya adapta haizimiki, au herufi moja inajiandika mfululizo kwenye jaribio hata hakuna aliyebonyeza. Tafuta tundu la kitufe kimoja, au weka kigawanyio kati ya pini na adapta.

Adapta nyingi pia zina hali kadhaa za kutuma: kibodi, mbofyo wa kipanya, au kijiti cha michezo. Mtu akishika kitufe kidogo cha hali kwa bahati mbaya, adapta inaendelea kuonekana imeunganishwa lakini haitumi tena herufi ile simu iliyofundishwa. Ikiwa jaribio la kuandika linatoa herufi tofauti na ya jana, tatizo ni hili. Rudisha hali ya zamani, au ifundishe simu upya: kwenye iPhone ni Switches, kisha Add New Switch, kisha External, kwenye Android ni kuupitia tena mwongozo wa kusanidi ulio ndani ya Switch Access.

Kwa adapta ya USB, kumbuka kwamba baadhi ya simu za Android zina mpangilio wa OTG ndani ya Settings, unaoiruhusu simu kutumia vifaa vya USB, nao hujizima wenyewe kifaa kikikaa kimya dakika kadhaa. Kitufe kinachofanya kazi asubuhi na kufa baada ya mapumziko marefu kinakuonyesha sababu hiyo.

Halafu kuna hali ambayo jaribio la kuandika ni zuri, lakini uskani ukiwashwa kisanduku hakiendi peke yake. Hapo mpangilio wa mtindo ndio wenye kosa. Mtumiaji wa kitufe kimoja anahitaji uskani unaojiendesha. Kwenye iPhone, Scanning Style ikiwa Manual Scanning na kitufe kikapewa kazi ya Select Item, kisanduku kitakaa kwenye kitu cha kwanza daima na kila mbonyezo utachagua hicho hicho; weka Auto Scanning. Kwenye Android, kitufe kikipewa kazi ya kusogeza mbele huku uskani wa kujiendesha umezimwa, kisanduku kitapiga hatua moja kwa kila mbonyezo na hakuna kitakachochaguliwa kamwe. Rudia mwongozo wa kusanidi na uchague kitufe kimoja.

Mbonyezo mmoja unafanya kazi, mwingine haufanyi

Ikiwa ni mmoja ndiyo mmoja hapana, kwa utaratibu usiobadilika, adapta au kitufe kiko katika hali ya kubana: mbonyezo wa kwanza unashikilia, wa pili unaachia. Hali hiyo imetengenezwa kwa ajili ya feni na vitu vya kuchezea, ambapo mtu anataka kuwasha na kuacha kiendelee. Izime kwenye adapta. Ndiyo maana jaribio la kumi linaweza kutoa tano.

Ikiwa ni mbonyezo wa kwanza tu unaopotea baada ya kupumzika, kuna sababu mbili, na taa ya adapta inakutofautishia. Taa ikiwa imezimika kabla ya kubonyeza, adapta ya Bluetooth ilikuwa imelala kulinda betri. Mbonyezo wa kwanza unaiamsha, inachukua sekunde chache kujiunga na simu, na ndipo wa pili unafika. Ongeza muda wa kulala kama adapta inaruhusu, au mtumiaji azoee kubonyeza mara moja na kungoja kisanduku kitokee. Taa ikiwa inawaka na kisanduku kikatokea baada ya mbonyezo, hakuna kilichopotea: uskani ulikuwa umesimama baada ya kumaliza mizunguko yake, na mbonyezo ule umeuanzisha upya. Kwenye iPhone idadi ya mizunguko inaitwa Loops. Mbili au tatu hutosha watu wengi, kwa kuwa aliyekosa mzunguko wa kwanza anapata nafasi nyingine bila skrini kuzungukwa na kisanduku mchana kutwa.

Pia kuna mibonyezo inayopotea bila utaratibu wowote. Kabla ya kulaumu umeme, tazama mahali mkono unapotua. Vitufe vikubwa vya mviringo vina kipenyo cha sentimita 12 hivi, na mara nyingi ukingo wake huhitaji nguvu tofauti na katikati. Kitufe kilichoteleza sentimita tatu mezani kinaweza kumfanya mtu abonyeze ukingo siku nzima. Weka alama ya gundi mezani au kwenye kishikio, ili kirudi mahali pake kila mara.

Menyu inafunguka yenyewe, au kitu kinachaguliwa mara mbili

Huu ni mbonyezo unaofika zaidi ya mara moja. Mkono unaotetemeka, au unaoanguka juu ya kitufe na kudunda, unaweza kutuma miguso miwili kabla mwenyewe hajahisi hata mmoja. Kwa adapta ya Bluetooth kwenye Android unaweza kuiona kwa macho. Washa utatuzi wa USB kwenye mipangilio ya wasanidi, unganisha simu na kompyuta yenye programu ya adb, na uandike:

```
adb shell getevent -lt
```

Kila mguso unatoa mstari wa DOWN na wa UP pamoja na saa kwa sekunde. Mfano huu ni wa mbonyezo ambao mtumiaji aliukusudia uwe mmoja. Mistari isiyohusika imeondolewa:

```
[ 5210.104 ] EV_KEY  KEY_SPACE  DOWN
[ 5210.131 ] EV_KEY  KEY_SPACE  UP
[ 5210.166 ] EV_KEY  KEY_SPACE  DOWN
[ 5210.702 ] EV_KEY  KEY_SPACE  UP
```

Mguso wa kwanza ulidumu sekunde 0.027, ukakatika, kisha ukaja wa pili uliodumu zaidi ya nusu sekunde. Wa pili ndio nia ya mtu. Wa kwanza ni kidole kilichotangulia kugusa.

Kuna vichujio viwili vya kuondoa jambo hili, na si sawa. Kwenye iPhone viko chini ya Switch Stabilization. Switch Access ya Android nayo ina mpangilio wa kupuuza mibonyezo inayorudiwa. Hold Duration inasema: usihesabu mguso wowote usiodumu kiasi hiki. Ukiiweka sekunde 0.1, mguso wa 0.027 hapo juu unatupwa na ule wa kweli unabaki. Ignore Repeat inasema: ukishahesabu mguso, puuza mingine yote mpaka muda huu upite. Hold Duration inafaa kwa mkono unaogusa kitufe bila kukusudia ukiwa njiani. Ignore Repeat inafaa kwa mkono unaobonyeza vizuri lakini unatetemeka wakati wa kuachia.

Kila kichujio kina bei yake. Hold Duration inachelewesha kila mbonyezo kwa kiasi hicho hicho, na tutaona hapo chini jinsi inavyokula kasi. Tena, baadhi ya adapta hutuma herufi kama mpigo mfupi, chini na juu papo hapo, hata mtu ashikilie kitufe muda gani. Kwa adapta ya aina hiyo, Hold Duration ya sekunde 0.3 inaua kitufe kabisa, kwa sababu hakuna mguso unaofikia muda huo. Ikiwa kitufe kilikufa siku ile ile ulipowasha Hold Duration, usitafute mbali.

Bei ya Ignore Repeat ni ya siri zaidi. Iweke sekunde 2 huku kisanduku kikihama kila sekunde 1, na mtumiaji akishachagua safu ya kibodi, herufi mbili za mwanzo za safu hiyo hazichaguliki, kwani mbonyezo wake bado uko ndani ya muda wa kupuuzwa. Watu husema kitufe kimegoma kwenye herufi za kushoto. Sheria ya mkono: Ignore Repeat iwe fupi kuliko muda wa kisanduku kukaa kwenye kitu kimoja. Ikiwa mtetemo wa mtu ni mrefu kuliko hapo, punguza kasi ya kisanduku kwanza kisha ndipo upandishe kichujio.

Kwenye iPhone, mguso wa ziada huonekana zaidi mtu anapotumia Auto Tap ndani ya Tap Behavior. Hapo mbonyezo mmoja ni kugusa, na wa pili ukifuata upesi unafungua menyu. Anayetetemeka hufunguliwa menyu asiyoiomba. Ama rekebisha vichujio, ama tumia Always Tap, ambapo kila mbonyezo unagusa kitu na menyu inapatikana mwishoni mwa mzunguko.

Kinachaguliwa kitu kinachofuata

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na ndilo linalostahili kupimwa badala ya kukisiwa. Kisanduku kinafika kwenye kitu, mtumiaji anakiona, anatuma mkono, na mbonyezo unapofika kisanduku kimeshahama. Akipata kinachofuata, kasi ni kubwa kwake. Akipata kilichotangulia, ama ana mguso wa mapema kama ule wa sekunde 0.027, ama kisanduku kinakwenda polepole mno mpaka anakiwahi. Mtu aliyechoka kungoja hubonyeza kwa mazoea, na kumpunguzia kasi zaidi kunaongeza makosa.

Watafiti Simpson, Koester na LoPresti walichapisha mwaka 2007 kanuni inayosaidia sana hapa: muda ambao mtu huchukua kuitikia uwe takriban asilimia 65 ya muda wa kisanduku kukaa kwenye kitu kimoja. Kwa hesabu, gawanya muda wa kuitikia kwa 0.65 na utapata muda wa kuanzia.

Kupima kunahitaji simu ya pili yenye kamera. Weka kisanduku kikae sekunde 3 kwenye kila kitu, ili haraka isiwe tatizo. Chagua kitu kimoja kilicho katikati ya skrini, si cha kwanza. Piga video kwa picha 30 kwa sekunde huku mtumiaji akikichagua mara kumi, akipumzika katikati. Kisha cheza video picha kwa picha, na kwa kila jaribio hesabu picha kuanzia kisanduku kinapotua mpaka kitu kinapochaguliwa.

Tuchukue mtu ambaye iPhone yake ina Auto Scanning Time ya sekunde 1 na Hold Duration ya 0.3, naye hupata kitu kinachofuata zaidi ya nusu ya mara. Video inatoa picha 33, 30, 36, 31, 34, 38, 29, 33, 35 na 31. Jumla ni 330, wastani 33, yaani sekunde 1.1. Tayari jibu limejitokeza: anahitaji sekunde 1.1 na simu inampa 1.0. Hakuna mazoezi yatakayoziba pengo hilo. Gawanya 1.1 kwa 0.65 na unapata 1.69, basi weka 1.7. Jaribio lake la polepole kuliko yote, picha 38, ni kama sekunde 1.27, na bado lina nafasi ya kutosha ndani ya 1.7.

Usiishie hapo. Katika ile 1.1 kuna sekunde 0.3 ambazo si za mtu, ni za Hold Duration. Ukiiondoa, muda wake ni 0.8, na 0.8 gawanya kwa 0.65 ni 1.23. Kichujio cha sekunde 0.3 kimempandishia kila hatua karibu nusu sekunde. Rudi kwenye jaribio la kuandika bila kichujio. Ikiwa mibonyezo kumi inatoa kumi, kichujio hakina kazi na kiondoke. Ikiwa inatoa kumi na tatu, jaribu 0.1 kabla ya kurudi 0.3.

Nusu sekunde hiyo si ndogo. Herufi iliyo safu ya tatu, nafasi ya sita, inahitaji kisanduku kipite hatua tisa hivi: tatu za kushuka na sita za kwenda. Kwa sekunde 1.7 hizo ni kama sekunde 15 kwa herufi moja, kwa 1.25 ni kama 11. Na kama mtu bado anapitishwa kitu kimoja kimoja kwenye kibodi ya vitufe 30, cha mwisho kinamfikia baada ya sekunde 49 kwa mwendo wa 1.7. Kabla ya kubishana juu ya sehemu za sekunde, hakikisha vitu vimewekwa kwa mafungu: Group Items kwenye iPhone, au uskani wa safu na nguzo kwenye Android. Faida yake inapita ya marekebisho mengine yote.

Pima asubuhi na upime tena jioni. Kwa watu wengi wenye udhaifu wa misuli tofauti ni kubwa, na muda wa jioni ndio unaofaa kuwekwa, isipokuwa mwenyewe akipendelea haraka ya asubuhi na kukubali makosa ya jioni. Hilo ni la mwenyewe kuamua, si la msaidizi.

Kitu cha kwanza tu ndicho hakishikiki

Kasi imepimwa, kila kitu kinachaguliwa sawasawa, ila cha kwanza kwenye skrini na cha kwanza katika kila safu. Sababu ni kwamba mbonyezo uliochagua safu umeisha sasa hivi. Mkono bado uko chini, lazima uachie, urudi juu na ushuke tena, na saa ya kitu cha kwanza imeshaanza kuhesabu. Usipunguze kasi yote kwa ajili ya kitu kimoja. Kwenye iPhone kuna Pause on First Item ndani ya Timing, na Switch Access ina mpangilio wa kuchelewesha kitu cha kwanza. Anza na sekunde 1. Kama mtu anachukua muda mrefu kuachia, panda mpaka 2. Angalia pia Ignore Repeat, kwa sababu iliyoelezwa juu. Dalili zake zinafanana na hii, na tofauti ni kwamba Ignore Repeat huweza kuathiri hata kitu cha pili.

Kibodi ya skrini imepotea

Mtumiaji anafika mahali pa kuandika, na kibodi haitokei. Simu inadhani kuna kibodi ya kweli, maana adapta imejitambulisha hivyo. Kwenye Android nenda kwenye mipangilio ya lugha na uingizaji, sehemu ya Physical keyboard, na uwashe chaguo la kuonyesha kibodi ya skrini. Kwenye baadhi ya simu sehemu hiyo huonekana tu adapta ikiwa imeunganishwa, kwa hiyo usiitafute imezimwa. Kwenye iPhone, adapta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya swichi zina namna ya kutuma amri ya kuonyesha na kuficha kibodi; iko kwenye karatasi ya adapta.

Kisanduku kinarudi mwanzo au kinaruka vitu

Uskani hufuata orodha ya vitu ambayo programu inaipa simu. Orodha ikibadilika, mfano tangazo likijibadilisha au video ikianza yenyewe, simu inaijenga upya na kisanduku kinaweza kurudi mwanzo. Mwenye kitufe kimoja anaweza kuzunguka hivyo bila kufika chini ya skrini. Zima video zinazojicheza na punguza miondoko ya skrini. Ikishindikana, tumia tovuti au programu nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Vitu vinavyorukwa kabisa ni vile ambavyo mtengenezaji wa programu hakuviweka kwenye orodha. Michezo mingi iko hivyo, skrini nzima ni picha moja machoni pa uskani. Hapo mtu hubadili kwenda uskani wa nukta: mstari unapita skrini, anausimamisha, mstari wa pili unapita, anausimamisha, na mahali inapokutana panaguswa. Kwenye iPhone chagua Precise au Refined kwa vitu vidogo, kwa kuwa Single inapita mara moja na kosa dogo la wakati linakupeleka mbali na lengo. Kanuni ya asilimia 65 haitumiki hapa. Mstari hausimami popote, hivyo ucheleweshaji wa mtu unageuka kuwa umbali: kwa yule wa mfano wetu mwenye muda wa sekunde 0.8, mstari unaopita skrini kwa sekunde 8 unavuka sehemu ya kumi ya skrini kabla mbonyezo haujafika. Punguza kasi ya mstari mpaka umbali huo uwe mdogo kuliko kitu anachotaka kukigusa.